Bajeti FINAL mpya (2)

Katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, folda ya bajeti ilikuwa na mafaili manne: "Bajeti FINAL", "Bajeti FINAL mpya", "Bajeti FINAL mpya (2)" na "Bajeti ya Bosi". Mhasibu akawatumia wafadhili la tatu, kumbe lililosainiwa lilikuwa la kwanza. Wiki iliyofuata ukabandikwa waraka wa ukurasa mmoja.

Uliagiza kila jina lianze na tarehe, lifuate jambo, kisha toleo:

```
2025-03-07_Bajeti-Robo4_v0.4.xlsx
```

Tulinung'unika, maana tumezoea kutanguliza siku. Lakini kompyuta hupanga majina kwa kuyasoma kuanzia kushoto. Andika 07-03-2025, 12-01-2025 na 30-11-2024, nayo itaziacha hivyo hivyo: Machi juu, Januari katikati, na Novemba ya mwaka uliopita chini kabisa. Mwaka ukitangulia, ukifuatwa na mwezi, mafaili yanajipanga yenyewe kufuata wakati. Mkwaju haufai, kwa sababu Windows haiukubali ndani ya jina la faili. Na tarehe inayotakiwa ni ya kikao au ya barua, si ya siku ulipohifadhi. Hiyo ya kuhifadhi kompyuta huiandika yenyewe, na mara nyingi hubadilika faili likipakuliwa kutoka barua pepe.

Neno FINAL lilipigwa marufuku. Rasimu huitwa 0.1, 0.2 na kuendelea. Meneja akiidhinisha, ndipo inapokuwa 1.0. Kosa dogo likirekebishwa baadaye ni 1.1, na bajeti ikipitishwa upya ni 2.0. Sifuri ile ya mbele ndiyo iliyotuokoa zaidi: ukiiona, unajua hakuna aliyeidhinisha, hata kama hujafungua faili.

Waliowahi kukaa masjala waliielewa upesi kanuni ya mwisho. Pale jalada halitoki bila kuandikwa limekwenda kwa nani. Vivyo hivyo, nyaraka zilizokamilika ziliwekewa folda moja, "Zilizoidhinishwa". Kila mtu aliweza kuisoma, ila karani wa masjala peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuweka kitu humo: nakala ya PDF, na kando yake faili la Excel lililoizaa. Mwenye kuhitaji alitumiwa kiungo cha kufungulia, si nakala nyingine.

Kilichotusumbua ni WhatsApp. Mtu analipakua faili kwenye simu, anabadilisha tarakimu mbili akiwa kwenye daladala, kisha analirudisha kwa jina lile lile. Sasa kuna v1.0 mbili zisizofanana, na jina haliwezi tena kukuambia ipi ni ipi. Waraka ukaongezewa mstari: kinachorudi kutoka nje kinaingia folda ya rasimu, kwa namba mpya na herufi za mwanzo za jina la aliyekigusa.

Mafaili ya zamani tuliyapa majina mapya kwa siku mbili. "Bajeti ya Bosi" lilibaki vile vile. Hakuna aliyethubutu kuuliza ni rasimu ya ngapi.