Si kila simu ya +1 inatoka Marekani

Familia nyingi za Mji wa Kale, Kibokoni hadi Kuze, zina jamaa ng'ambo. Simu ikilia mara moja usiku kisha ikakatika, na namba ikaanza kwa +1, mwenye simu hudhani ni mwanawe aliye Toronto au Minneapolis, akapiga haraka. Asubuhi hukuta salio limekwisha.

Msimbo wa +1 hautumiwi na Marekani peke yake. Marekani, Kanada na visiwa vingi vya Karibea, vikiwemo Jamaika, Bahama na Grenada, vinautumia kwa pamoja. Nchi na maeneo hayo ni zaidi ya 20. Kinachozitenganisha ni tarakimu tatu zinazofuata ile 1, yaani msimbo wa eneo. Baada ya hizo huja tarakimu saba za mwenye simu.

Chukua mfano wa +1 437 na +1 473. Kwa jicho lenye usingizi zinafanana. Ya kwanza ni ya Toronto, Kanada, mji ambao pia hutumia 416 na 647. Ya pili ni ya kisiwa cha Grenada. Hadi miaka ya 1990 sehemu kubwa ya Karibea ilitumia 809, kisha kila nchi ikapewa msimbo wake. Grenada ilipata 473 kwa sababu ukibonyeza herufi GRE kwenye simu unapata tarakimu hizo. Leo 809 imebaki kwa Jamhuri ya Dominika, na Jamaika hutumia 876.

Tofauti hii hugusa mfuko, kwani gharama ya kupiga simu kutoka Kenya hutegemea nchi inayopigiwa. Walaghai hupiga flashi kutoka namba za gharama kubwa, wapate mgao wa pesa unapowarudia. Kwa hivyo usipige kabla ya kulinganisha tarakimu tatu hizo na namba ya jamaa yako uliyoihifadhi. Kama hailingani, mwandikie yeye ujumbe kwenye namba yake ya kawaida umuulize kama ndiye aliyepiga.

Hata hivyo, msimbo huonyesha laini ilikosajiliwa, si alipo mtu. Mwenye laini ya Toronto aweza kuwa amekaa barazani Kibokoni. Isitoshe, namba inayoonekana kwenye kioo yaweza kughushiwa.

Wenye jamaa Komoro wana mtego wao wa karibu zaidi. Zamani Komoro na Mayotte zilitumia +269 pamoja, lakini mwaka 2007 Mayotte ilihamia +262, inayotumiwa pia na Réunion. Simu za mezani za Mayotte sasa huanza +262 269, na za mkononi +262 639. Aliye na mjomba Moroni na binamu Mamoudzou aangalie 269 imekaa wapi: ikiwa mwanzoni, anapiga Komoro, ikitanguliwa na 262, anapiga Mayotte.