Picha ya jumba lisilojengwa: pima kabla hujaamini

Siku hizi hakuna mradi wa jumba ufuoni usiokuja na picha. Hubandikwa ukutani kwenye kikao cha maoni ya wananchi, ikaingia kwenye magrupu ya WhatsApp, na kabla jiwe la kwanza halijawekwa watu washagawanyika: wengine wasema jumba lapendeza, wengine wasema litatufunga bahari. Wachache huuliza iwapo picha yenyewe ni ya kweli.

Kuna picha ambazo zote ni mchoro wa kompyuta, na hizo hazina cha kupimwa. Nazungumzia zile ambazo fundi amepiga picha ya kiwanja chenyewe, kisha akalipachika jumba ndani yake. Hii ndiyo inayotakiwa, kwa sababu jirani auona mwembe wake na ukuta wake, akalinganisha. Nayo inaweza kupimwa kwa rula ya mtoto wa shule, hasa sisi watu wa pwani, kwa kuwa bahari imetuchorea mstari bure.

Mstari huo ni upeo, pale maji yanapokutana na mbingu. Ukisimama mahali tambarare, ukapiga picha kamera ikiwa mita 1.6 kutoka ardhini na bila kuiinamisha, basi kila kitu kilichoko kwenye ardhi ya usawa huo hukatwa na upeo kwenye mita 1.6. Mtu aliye hatua kumi nawe na aliye hatua mia, wote macho yao yataangukia kwenye mstari huo huo. Aliye mbali ataonekana mdogo, lakini miguu ndiyo itakayopanda; kichwa hakishuki.

Sasa tufanye hesabu. Chukua kiwanja cha ufuoni ambapo mwenyewe ataka kujenga jumba la orofa tano, kila orofa mita 3.2, jumla mita 16. Fundi amesimama kusini ya kiwanja, kwenye usawa ule ule wa ardhi, akaelekeza kamera kaskazini. Bahari iko kuliani, kiwanja kushotoni. Kwenye picha iliyochapishwa, toka pembe ya jumba inapogusa ardhi hadi mstari wa upeo ni sentimita 1. Hiyo sentimita 1 ni mita 1.6. Jumba la mita 16 ni mara kumi yake, kwa hiyo pembe hiyo hiyo yapasa kupanda sentimita 10 kutoka ardhini. Huna haja ya kujua fundi alikuwa mbali kiasi gani.

Tuseme umepima ukakuta sentimita 6. Hapo jumba lililochorwa ni la mita 9.6, yaani orofa tatu. Na kama ukihesabu madirisha bado ni orofa tano, basi kila orofa haifiki mita mbili, na wapangaji watagonga vichwa kwenye dari. Jumba limefinywa ili lionekane la adabu.

Sentimita 1 ni kidogo, na rula ikikosea milimita moja umeshakosea sehemu moja kwa kumi. Kwa hiyo usimshike mtu kwa tofauti ndogo. Fundi makini huondoa shaka hiyo kwa kusimamisha mti wa mkoko wa mita 4 pale pembe ya jumba itakapokuwa, kisha akapiga picha. Mti ule katika mfano wetu utatoka sentimita 2.5, na jumba litakuwa mara nne yake. Kiwanja kikiwa juu au chini ya aliposimama mpigaji, hesabu ya upeo haifai mpaka tofauti hiyo ipimwe, lakini mti utasema kweli popote ulipo, mradi kamera haikuinamishwa.

Lenzi nayo ina mchezo wake. Kamera ya kawaida ya simu huchukua eneo pana, na kila kilicho mbali husinyaa. Rula haitadanganyika, kwa sababu mti na jumba husinyaa pamoja, lakini jicho litadanganyika: jumba litaonekana liko mbali na si kubwa. Ndiyo maana mwongozo wa mwaka 2019 wa chama cha wataalamu wa mandhari Uingereza unataka picha hizi zipigwe kwa lenzi ya milimita 50 kwenye kamera kamili.

Jambo la pili ni jua. Tuseme picha ya kiwanja chetu ilipigwa Julai, saa kumi jioni. Mwezi huo jua letu la Mombasa hupita upande wa kaskazini, na saa hiyo limeshainama magharibi. Mti wa mita 4 utatupa kivuli cha mita 6.4 hivi, kuelekea mashariki na kusini kidogo. Jumba la mita 16 litatupa kivuli mara nne ya hicho, karibu mita 26, na kitaanguka ufuoni. Mchanga ukiteremka, kitarefuka zaidi.

Tazama na kuta. Aliyesimama kusini aona ukuta wa kusini na ule wa baharini, na saa hiyo kuta zote mbili ziko kivulini. Picha ikikuonyesha ukuta wa baharini unang'aa kwa jua, ilhali vivuli vya minazi vyaelekea baharini, basi jumba limeangaziwa na jua la asubuhi na kiwanja kina jua la jioni. Mara nyingi si bahati mbaya. Jua la asubuhi hutupa kivuli nyuma, upande wa barabara, na swali la kivuli ufuoni halitaulizwa. Fundi mkweli huingiza tarehe na saa ya picha kwenye programu yake, kisha akahakikisha kivuli cha mti wa kompyuta chalala sawa na kivuli cha mti wa kweli.

La tatu ni pale jumba linapogusa ardhi. Ukuta wa kweli una mstari wa giza chini yake, mwembamba, kwa kuwa mwanga haufiki vizuri pale. Usipokuwepo, jumba huelea kama karatasi iliyobandikwa. Majani, mawe na ukuta wa matumbawe vilivyo mbele lazima vifiche sehemu ya chini ya jumba. Na watazame watu waliopachikwa wakitembea mbele yake: vichwa vyao visipofika karibu na upeo, si watu wa picha ile. Kisha hesabu minazi. Mnazi wetu mrefu waweza kupita mita 20, na mara nyingi ile inayoziba orofa za juu haipo kiwanjani. Itapandwa, na itachukua miaka mingi kufika hapo.

Kwa hiyo NEMA inapoalika maoni, au kaunti inapoita kikao, usiseme tu kwamba picha huiamini. Omba vitu vinne: picha ya kiwanja kitupu kabla ya jumba kupachikwa, kimo cha kamera na mahali iliposimama, lenzi iliyotumika, na tarehe na saa. Fundi aliyefanya kazi yake sawasawa anavyo vyote, kwa sababu bila hivyo asingeweza kulipachika jumba. Akisema hana, maoni yako yaandikwe hivyo: picha haiwezi kuthibitishwa, ipigwe nyingine na mti usimamishwe.