Bahasha Zilizofungwa

Mwaka 1947, streptomaisini ilipojaribiwa Uingereza dhidi ya kifua kikuu, Austin Bradford Hill alificha mpangilio wa makundi ndani ya bahasha zenye namba. Bahasha ilifunguliwa baada tu ya mgonjwa kukubaliwa. Daktari akijua mapema kwamba nafasi ijayo ni ya dawa, anaweza kumwacha aliye hoi na kumwingiza mwenye nafuu, na dawa ikasifiwa bure. Hilo ndilo ninaloliangalia kwanza katika jaribio lolote.

Kundi la mapumziko halikudungwa sindano bandia, hivyo wauguzi walijua nani anapata nini. Lakini picha za eksirei zilisomwa na wataalamu wasiojua kundi la mgonjwa. Vifo vya miezi 6, 4 kati ya 55 waliopewa dawa na 14 kati ya 52 wasiopewa, havitegemei jicho la msomaji.