Kenta Iliyouzwa kwa Hasara Huku Fedha Zikiingia

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Morogoro kauza Kenta yake kwa milioni 20, taslimu. Nusu milioni kachukua dalali. Mhasibu anamwambia kwamba biashara imepata hasara ya milioni 2.5, naye anashangaa: hasara gani, na hela nimezishika mkononi?

Tufuate hesabu yenyewe. Gari lilinunuliwa Januari 2021 kwa shilingi milioni 40. Walikadiria kulitumia miaka 8, kisha liuzwe kwa milioni 8. Hivyo milioni 32 ziligawanywa kwa miaka hiyo, na kila mwaka milioni 4 zikaandikwa kuwa gharama ya uchakavu. Hadi mwisho wa 2024 zilikuwa zimefika milioni 16, na thamani ya gari vitabuni ikabaki milioni 24.

Mauzo yalifanyika mwisho wa Juni 2025, na hapa ndipo wengi huteleza. Kwa miezi 6 ya mwanzo wa mwaka huo gari liliendelea kubeba saruji, kwa hiyo uchakavu wa milioni 2 lazima uandikwe kwanza. Thamani ya vitabuni inashuka hadi milioni 22. Fedha zilizopatikana, ukishamtoa dalali, ni milioni 19.5. Tofauti ni hiyo milioni 2.5.

Ukiruka ile nusu mwaka utapata hasara ya milioni 4.5. Faida ya mwaka mzima haibadiliki, maana kilichopungua kwenye uchakavu kimehamia kwenye hasara. Ila msomaji wa hesabu atadhani gari lilitupwa kwa bei ya kutupa, kumbe sehemu ya fedha hiyo ni gharama ya kawaida ya kulitumia.

Hasara hii, basi, haisemi kwamba aliuza vibaya. Inasema gari lilichakaa haraka kuliko walivyokadiria mwaka 2021, na miaka iliyopita ilibebeshwa gharama ndogo mno. Angepata milioni 23 baada ya dalali, ingekuwa faida ya milioni 1, na maana yake ingekuwa kinyume: uchakavu ulizidishwa.

Kosa linaloniudhi zaidi ni kuziandika zile milioni 20 kwenye mauzo ya duka, pamoja na nondo na mabati. Mwezi huo duka litaonekana limechangamka ajabu, na Kenta itabaki kwenye daftari la mali ikiendelea kuchakaa huku mtu mwingine anaiendesha. Inayotakiwa kufutwa ni bei ya kununulia, milioni 40, pamoja na limbikizo lote la uchakavu, milioni 18. Ukifuta moja tu, vitabu havitalingana.

Kwenye kodi mambo ni mengine. Sheria ya Tanzania huweka mali za namna hii kwenye makundi yenye viwango vyake vya uchakavu, na fedha za mauzo hupunguza salio la kundi zima. Kwa hiyo ile milioni 2.5 haipelekwi TRA kama ilivyo.