Wimbo Uliofuatwa Hadi Kijijini

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mwanaisimu Lorenzo Dow Turner alifika Harris Neck, pwani ya Georgia, Marekani. Mwanamke aitwaye Amelia Dawley alimwimbia wimbo mfupi alioupokea kwa wazee wake. Hakujua maana yake. Turner alimrekodi, akaandika kila silabi kama ilivyosikika.

Baadaye mwanafunzi kutoka Sierra Leone aliitambua lugha: Kimende.

Lakini Wamende ni wengi. Miongo kadhaa baadaye, mwanahistoria Joseph Opala, mtaalamu wa muziki Cynthia Schmidt na mwanaisimu Tazieff Koroma waliirudia rekodi ile. Koroma alinasa neno moja la lahaja ya kusini, na eneo la msako likapungua ghafla. Schmidt akapita vijiji vya huko akiwachezea wenyeji sauti ya Amelia. Wengi walitikisa kichwa tu.

Katika kijiji cha Senehun Ngola, Bendu Jabati aliutambua. Bibi yake ndiye aliyemfundisha, nao ulikuwa wimbo wa mazishi, wa wanawake.

Ushahidi haukuwa lahani, maana lahani hubadilika mdomoni na nyimbo nyingi hufanana. Maneno ya pande mbili yaliwekwa sambamba, yakalingana kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1997, Mary Moran, binti wa Amelia, alisafiri hadi Senehun Ngola kukutana na Jabati.

Anayetafuta wimbo wa bibi yake aanzie hapo: amrekodi akiimba polepole, aandike silabi bila kuzisahihisha, kisha aulize uliimbwa wakati gani.