Bei ya Jirani Mezani kwa Muuzaji Wako

Mkandarasi mmoja wa Mombasa anaezeka nyumba ya kupangisha na anahitaji mita 400 za mabati ya geji 28. Duka alilolizoea limemwandikia shilingi 750 kwa mita. Kisha anapokea kwotesheni ya duka jingine: shilingi 600. Hesabu ya haraka inamwambia ataokoa shilingi 60,000, na mkono unakwenda kwenye simu ili amwambie muuzaji wake wa miaka yote kwamba amekuwa akimlangua.

Ningemzuia. Aisome kwanza ile karatasi mpaka mstari wa chini kabisa, maana huko ndiko bei hubadilika. Shilingi 600 haina ushuru wa VAT, ambao Kenya ni asilimia 16. Kwa kuwa yeye hajasajiliwa kudai ushuru huo, ni gharama yake kamili, na bei inafika 696. Duka hilo halifikishi mzigo, na lori litamtoza 6,000, yaani shilingi 15 kwa kila mita. Sasa tuko 711. Bei ya duka lake la kawaida ina ushuru na usafiri ndani yake. Tofauti ya kweli ni shilingi 39 kwa mita, yaani 15,600 kwa mzigo wote. Si haba, lakini haifanani na ile 60,000 iliyomchemsha damu.

Bado kuna bati lenyewe. Namba ya geji ikipanda, bati huwa jembamba: geji 28 huwa karibu milimita 0.4, na geji 30 karibu 0.3. Kwotesheni iliyoandika "mabati" bila geji, au bila kutaja aina ya mpako unaozuia kutu, haiwezi kulinganishwa na nyingine, hasa pwani ambako chumvi ya bahari hula chuma. Apige simu aulize, na jibu aombe kwa maandishi.

Akishapata bei zinazolingana, ndipo aombe. Amtafute mwenye duka au meneja, kwa kuwa mhudumu wa kaunta mara nyingi hana ruhusa ya kupunguza kiasi hicho. Wazungumze faragha, kabla ya oda kuthibitishwa. Kumbana muuzaji mbele ya wateja wengine kunamlazimisha akatae, hata kama nafasi ya kupunguza anayo, kwa sababu kila aliyesikia atadai bei hiyo hiyo. Ujumbe wa kutosha ni huu:

"Shikamoo Mama. Nataka kuchukua geji 28 kwako kama kawaida, mita 400. Nimepata kwingine ambako, nikijumlisha VAT na lori, mita inanifikia kwa 711, pesa taslimu. Nimekutumia karatasi yao. Ukiweza kunifikishia kwa bei hiyo nitalipa siku ya kupokea mzigo, sitangoja zile siku 30. Kama haiwezekani niambie tu, nitaelewa."

Tazama anachotoa. Mshindani anataka taslimu, ilhali duka lake humsubiri mwezi mzima. Kudai bei ya taslimu huku ukishikilia mkopo ni kumtaka muuzaji alipe tofauti mbili kwa pamoja, na hapo ndipo uhusiano huanza kuchacha. Mama huyo anaweza kujibu kwamba 711 ni ya taslimu, na mkopo wa siku 30 utakuwa 725. Hilo ni jibu la haki, na hata kwa 725 mteja anaokoa shilingi 10,000.

Karatasi anayoituma aifunike jina la mshindani na namba ya akaunti yake, aache aina ya bidhaa, geji, kiasi, bei, tarehe na muda wa bei kudumu. Ikiwa mshindani aliandika kwamba bei ni siri, asiitume kabisa. Ataje tu kwamba amepata bei nafuu. Na katika zabuni za umma njia hii haipo: sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inalinda usiri wa zabuni. Kubuni kwotesheni ndilo kosa baya kuliko yote. Muuzaji wa mabati anajua kiwanda kinauza kwa ngapi, na bei isiyowezekana ataitambua papo hapo.

Akikubaliwa, aombe kwotesheni mpya yenye geji ile ile na mpako ule ule, kisha apime bati kwa maikromita mzigo unapofika, akikumbuka kwamba rangi huongeza unene kidogo. Wapo wanaopunguza bei kwa kubadilisha bati kimyakimya.

Na bei mpya asiirudishe kwa yule mshindani ili naye ashushe tena. Muuzaji aliyekubali ombi lako anastahili oda hiyo, siku hiyo hiyo.