Mkurugenzi Mpya Asomewe Nini Katika Katiba ya Kampuni?

Tuchukue mfano wa kampuni ya usafirishaji ya Mombasa iliyosajiliwa mwaka 1994. Ina wanahisa watatu: mmoja ana asilimia 60 ya hisa, wa pili 30, na wa tatu 10. Inaongozwa na wakurugenzi watatu, na mmoja wao ameteuliwa mwezi huu. Katibu wa kampuni amemkabidhi mgeni huyo katiba ya kampuni yenye kurasa nyingi. Anachohitaji mgeni huyu ni karatasi moja inayomweleza bodi inaweza kuamua nini, ikae na watu wangapi, na lini ni lazima iwaendee wanahisa.

Kosa la kawaida la anayeandika muhtasari huo ni kunakili kifungu cha mamlaka na kuishia hapo. Kifungu hicho husema kwamba shughuli za kampuni zitaendeshwa na wakurugenzi, na ukikisoma peke yake utadhani bodi haina mpaka. Mipaka yake imetawanyika katika vifungu vingine. Kampuni nyingi za zamani za Kenya zilifuata Jedwali A la Sheria ya Makampuni ya wakati huo, Sura ya 486, na humo kuna kifungu cha 79 ambacho wengi hukiruka. Kinairuhusu bodi kukopa, lakini deni lote lisizidi thamani ya hisa zilizotolewa mpaka mkutano mkuu uwe umeidhinisha kwanza. Mikopo ya muda mfupi ya benki kwa shughuli za kawaida haihesabiwi.

Kampuni yetu ina hisa za shilingi 1,000,000 na tayari inadaiwa 600,000. Bodi ikitaka kukopa shilingi 20,000,000 kununua malori, mamlaka yake yanaishia kwenye shilingi 400,000 zilizobaki. Kwa hiyo muhtasari usiandike tu kwamba bodi inaweza kukopa. Uandike hivi: “Kifungu cha 79: bodi inakopa hadi jumla ya deni ifike shilingi 1,000,000, zaidi ya hapo, azimio la kawaida la wanahisa lipitishwe kabla ya kusaini.” Mkurugenzi akiusoma mstari huo anajua la kufanya. Mtaji na deni hubadilika, basi kando ya tarakimu iandikwe na tarehe yake.

Akidi nayo ina mtego. Katiba ikikaa kimya, mara nyingi akidi huwa wakurugenzi wawili, lakini hii yetu imesema watatu. Sasa mmoja wa wakurugenzi anataka kuiuzia kampuni ghala lake. Wote watatu wameketi mezani, chai imeletwa, kumbukumbu zinaandikwa, na hakuna anayeona tatizo. Hata hivyo, katiba za mtindo huu humkataza mwenye maslahi kupiga kura juu ya mkataba wake, na tena hahesabiwi katika akidi ya jambo hilo. Wanabaki wawili, na akidi haipo. Uamuzi wa kununua ghala hilo hausimami, hata kama bei ni nzuri na wote wamekubaliana.

Hapo suala huenda kwa wanahisa, ambao chini ya Jedwali A wanaweza kulegeza katazo hilo. Isitoshe, Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 yenyewe inataka idhini ya wanahisa kwa mali ya thamani kubwa inayouzwa kati ya kampuni na mkurugenzi wake, hata katiba isiposema neno. Ndiyo maana ninashikilia kwamba muhtasari uoneshe kila idhini inatoka wapi, kwenye katiba au kwenye sheria. Masharti ya katiba wanahisa wanaweza kuyarekebisha. Ya sheria hawawezi.

Uoneshe pia kiwango cha kura. Azimio la kawaida hupita kwa zaidi ya nusu ya kura. Azimio maalum, kama la kubadili katiba au jina la kampuni, linataka asilimia 75. Kura zikihesabiwa kwa hisa na wote wakipiga, mwenye 60 anapitisha mkopo wa malori peke yake. Lakini hawezi kubadili akidi ile ya watatu: hata akiungwa mkono na mwenye 10 wanafika 70 tu. Mwenye 30 asipokubali, katiba inabaki ilivyo.

Kumwondoa mkurugenzi, kwa upande mwingine, kunatosha azimio la kawaida baada ya taarifa maalum, hata katiba iseme vinginevyo. Mkurugenzi mpya anastahili kulijua hilo siku ya kwanza.

Ewe uliyeteuliwa karibuni, kabla ya kuutegemea muhtasari wowote, muulize katibu kama nakala iliyotumika ina mabadiliko yote yaliyowasilishwa kwa Msajili wa Makampuni. Kama hana uhakika, nakala ya Msajili itafutwe kwanza, na muhtasari uandikwe upya kutokana na hiyo.